Kwa Nini Karata 52 Hurudi Baada ya Michanganyo Minane

Chukua pakiti kamili ya karata 52, bila jokari. Igawe katikati kabisa, 26 mkono huu na 26 mkono ule, kisha zipishanishe moja moja: ya kulia, ya kushoto, ya kulia, ya kushoto, bila hata mbili za mkono mmoja kufuatana. Fanya hivyo mara nane, na kila mara hakikisha kwamba karata iliyokuwa juu inabaki juu. Ukimaliza mchanganyo wa nane, pakiti iko vilevile ilivyokuwa kabla hujaigusa. Kama ilianza na shupaza zote, zikafuata kopa, uru na pau, sasa zimejipanga tena hivyohivyo.

Wafanya viini macho wanaijua siri hii tangu zamani, na wale wenye vidole vyepesi huifanya hadharani. Kupishanisha karata bila kosa ni kazi ngumu ya mikono, lakini si hiyo ninayotaka kuieleza. Ninachotaka kukijibu ni swali la nane. Kwa nini nane, si ishirini na sita wala hamsini na mbili? Na je, mtu angeweza kuijua nane hiyo akiwa na kalamu tu, bila kugusa karata? Anaweza. Njia anayoitumia ni ileile ambayo Mfaransa Augustin-Louis Cauchy aliijenga katika maandishi yake kuanzia mwaka 1815: kuuvunja mpangilio mpya kuwa mizunguko. Ukishaipata mizunguko, karibu kila swali lingine hujibika kwa kuitazama tu.

Tuanze na karata kumi, maana kumi zinatosha mezani na kichwani. Zipe namba kutoka juu hadi chini: 0, 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9. Ninaanza na sifuri kwa makusudi, na faida yake itaonekana punde. Gawa katikati: 0 hadi 4 mkono mmoja, 5 hadi 9 mkono wa pili. Pishanisha huku 0 ikibaki juu. Sasa pakiti inasomeka hivi kutoka juu: 0, 5, 1, 6, 2, 7, 3, 8, 4, 9.

Kitendo cha namna hii, kinachokihamisha kila kitu kwenda nafasi fulani bila kupoteza kimoja na bila kurundika viwili mahali pamoja, wanahisabati hukiita permutesheni. Karata kumi zina permutesheni 3,628,800. Zote kwa pamoja, pamoja na kanuni ya kufanya moja kisha nyingine, huitwa kundi la simetri la vitu kumi, na huandikwa S10. Mchanganyo wetu ni mmoja tu katika hizo milioni tatu na ushei.

Sasa uliza swali dogo: karata namba 1 imekwenda wapi? Imekwenda nafasi ya 2. Na iliyokuwa nafasi ya 2? Imekwenda ya 4. Ya 4 imekwenda ya 8, ya 8 imekwenda ya 7, ya 7 imekwenda ya 5, na ya 5 imekwenda ya 1. Tumerudi tulikoanzia. Huo ni mzunguko mmoja, nao huandikwa kwa mabano: (1 2 4 8 7 5). Kila namba huenda kwenye nafasi ya inayoifuata, na ya mwisho huirudia ya kwanza.

Tafuta namba ambayo bado hatujaigusa. Kuna 3. Hiyo huenda nafasi ya 6, na 6 huenda nafasi ya 3. Mzunguko mwingine: (3 6). Zimebaki 0 na 9, na kila moja imekaa mahali pake, hivyo kila moja ni mzunguko wa urefu wa 1. Kazi imekwisha. Mchanganyo wote wa karata kumi ni (1 2 4 8 7 5)(3 6), na zisizotajwa hazitikisiki.

Njia hii haiwezi kukwama, na sababu yake ni nyepesi. Ukifuata karata moja kutoka nafasi hadi nafasi, nafasi ni chache, kwa hiyo lazima siku moja urudie uliyokwishapita. Na ile ya kwanza kurudiwa haiwezi kuwa ya katikati ya safari, kwa sababu nafasi ya katikati tayari ina mgeni wake aliyetoka nyuma yake, na nafasi moja haipokei karata mbili. Kwa hiyo unarudi mwanzoni kabisa. Mizunguko miwili pia haiwezi kugusana. Kila karata ina mzunguko wake mmoja tu, na utakapoanza kuandika hakubadilishi kitu: (1 2 4 8 7 5) na (8 7 5 1 2 4) ni mzunguko uleule.

Sasa tazama kipindi, yaani idadi ya mara za kurudia kitendo mpaka kila kitu kirudi kwao. Karata sita za mzunguko wa kwanza hurudi kila baada ya mara sita. Karata 3 na 6 hurudi kila baada ya mara mbili. Karata 0 na 9 haziondoki kamwe. Tunataka idadi ndogo kabisa ya mara ambayo hugawanyika kwa 6, kwa 2 na kwa 1. Mwanafunzi wa shule ya msingi aliyefundishwa KDS, kigawe kidogo cha shirika, anaijua kazi hii: jibu ni 6. Changanya karata kumi mara sita na zitarudi.

Hapa ndipo wengi hukosea, na hukosea kwa namna mbili. Wapo wanaochukua mzunguko mrefu kuliko yote wakaona umetosha. Katika mfano wetu jibu lao litakuwa sahihi kwa bahati, kwa kuwa 6 inagawanyika kwa 2. Lakini mpe mtu huyo permutesheni ya vitu kumi yenye mizunguko ya urefu wa 5, 3 na 2. Atasema 5, na baada ya mara tano mzunguko wa watatu na wa wawili bado utakuwa njiani. Kipindi chake halisi ni 30, na hicho ndicho kipindi kirefu kuliko vyote katika S10. Wengine huzidisha urefu wote, kwa hiyo kwa mchanganyo wetu wangepata 12. Mara kumi na mbili karata zitakuwa zimerudi kweli, lakini zitakuwa zimerudi mara mbili.

Turudi kwenye pakiti kamili. Zipe karata namba 0 hadi 51. Karata iliyo katika nusu ya juu, nafasi k, huenda nafasi ya 2k, kwa sababu kila karata iliyo juu yake hupata jirani mmoja mpya. Karata ya nusu ya chini huenda nafasi ya 2k pungufu ya 51. Hiyo ndiyo faida ya kuanza na sifuri: kanuni yote ni kuzidisha kwa mbili, na ukizidi 51 unatoa 51. Jaribu karata namba 1: 1, 2, 4, 8, 16, 32, kisha 64 pungufu ya 51 ni 13, kisha 26, kisha 52 pungufu ya 51 ni 1. Mzunguko una namba nane: (1 2 4 8 16 32 13 26).

Karata namba 17 huenda 34, na 34 huenda 68 pungufu ya 51, yaani 17. Huo ni mzunguko wa wawili. Karata 0 na 51 hukaa. Zilizobaki, ukizifuata moja moja kwa subira, hujigawa katika mizunguko mitano mingine ya urefu wa nane. Jumla basi ni mizunguko sita ya nane, mmoja wa wawili, na miwili ya mmoja mmoja: 48, na 2, na 2, jumla 52. KDS ya 8, 2 na 1 ni 8. Ndiyo ile nane tuliyoitafuta.

Badilisha jambo moja dogo uone linavyogeuza kila kitu. Badala ya kuiacha karata ya juu ibaki juu, anza na ya mkono wa pili, ili ile ya juu iingie ndani na kuwa ya pili. Wacheza karata hutofautisha michanganyo hii miwili: wa nje, unaoziacha karata za mwisho zikae nje, na wa ndani. Kwa mchanganyo wa ndani ni rahisi zaidi kuhesabu nafasi kuanzia 1 hadi 52, na kanuni huwa kuzidisha kwa mbili na kutoa 53 ukizidi. Kwa kuwa 53 ni namba tasa yenye tabia fulani mbele ya 2, karata namba 1 hupita katika nafasi zote 52 kabla ya kurudi. Mzunguko mmoja tu, urefu wa 52, na kipindi cha 52. Mikono ileile, pakiti ileile, tofauti ni karata ipi iliyotangulia kuanguka, na kipindi kimeruka kutoka 8 hadi 52.

Wala 52 si kikomo. Mjerumani Edmund Landau alichapisha mwaka 1903 utafiti wake juu ya kipindi kirefu kuliko vyote kinachowezekana kwa idadi fulani ya vitu. Kwa vitu 52 kipindi hicho ni 180,180. Unakipata ukigawa karata katika mizunguko ya urefu wa 4, 5, 7, 9, 11 na 13, ambazo jumla yake ni 49, na karata tatu zinakaa bila kazi. Urefu wowote miongoni mwa hizo sita hauna kigawo cha pamoja na mwenzake, kwa hiyo KDS yake ni zao lake lote. Ni jambo linalonishangaza kila ninapolitafakari, kwamba pakiti ndogo hivyo inaweza kuhitaji kurudiwa mara laki moja na elfu themanini hivi, huku mizunguko yake yote ikiwa mifupi.

Mizunguko hutuokoa pia katika hesabu ya vipeo. Kipeo cha permutesheni ni kuirudia: kipeo cha pili ni kuifanya mara mbili, cha mia ni mara mia. Mtu akikuuliza karata zetu kumi zitakaaje baada ya michanganyo mia moja ya nje, huna haja ya kuchanganya. Chukua mzunguko (1 2 4 8 7 5). Kila mara sita ni safari kamili isiyobadilisha kitu, kwa hiyo gawa 100 kwa 6 na uangalie baki: 96 zimekwisha, zimebaki 4. Mara mia ni sawa na mara nne. Katika mzunguko huo ruka hatua nne badala ya moja: kutoka 1 unapita 2, 4, 8 na kufika 7. Kutoka 7 unapita 5, 1, 2 na kufika 4. Kutoka 4 unarudi 1. Kwa hiyo (1 7 4). Namba zilizobaki zinatoa (2 5 8). Mzunguko (3 6) una urefu wa 2, na 100 ni shufwa, basi 3 na 6 zipo nyumbani. Jibu ni (1 7 4)(2 5 8).

Tazama kilichotokea: mzunguko wa sita umepasuka kuwa miwili ya watatu. Hii ni kanuni. Ukiruka hatua 4 katika mzunguko wa 6, KKS, yaani kigawo kikubwa cha shirika, cha 4 na 6 ni 2, kwa hiyo unapata vipande 2, kila kimoja urefu wa 6 kugawa kwa 2. Ukirudia mara tatu, KKS ya 3 na 6 ni 3, kwa hiyo unapata vipande vitatu vya wawili wawili: (1 8)(2 7)(4 5). Ukirudia mara tano, KKS ni 1, mzunguko haupasuki, ila unakwenda kinyume: hatua tano mbele katika duara la sita ni hatua moja nyuma. Kwa hiyo mara tano ni sawa na kuufuta mchanganyo mmoja.

Sasa weka karata mezani baada ya mara mia moja. Karata 1 iko nafasi ya 7, 7 iko nafasi ya 4, 4 iko nafasi ya 1, 2 iko ya 5, 5 iko ya 8, 8 iko ya 2. Ukisoma kutoka juu: 0, 4, 8, 3, 7, 2, 6, 1, 5, 9. Kila inayofuata ni nne zaidi ya iliyotangulia, ukitoa tisa inapozidi.

Kuna mtego hapa unaostahili kusimamishwa mtu. Mabano yanaweza kusomwa kwa njia mbili: “karata iliyo nafasi ya 1 huenda nafasi ya 2”, au “nafasi ya 1 hupokea karata iliyotoka nafasi ya 2”. Ni mwelekeo kinyume. Ukiuchanganya, kipindi chako kitakuwa sahihi, kwa sababu mzunguko ukigeuzwa haubadili urefu. Utakachokosea ni mahali pa karata. Kwa michanganyo mia moja utapata 0, 7, 5, 3, 1, 8, 6, 4, 2, 9, nao ni mpangilio wa safari ya kurudi nyuma. Njia ya kujikagua ni kujaribu mara moja tu: andika mizunguko, isome, kisha linganisha na karata halisi baada ya mchanganyo mmoja. Kama nafasi ya 1 umeiandikia karata 2 badala ya 5, umesoma kinyume.

Kwenye pakiti ya 52 kanuni hiyohiyo inatoa mambo mazuri. Mchanganyo wa nje ukifanywa mara nne, kila mzunguko wa nane hupasuka kuwa vipande vinne vya wawili wawili. Mizunguko sita inatoa jozi 24 za karata zilizobadilishana nafasi, na karata 0, 17, 34 na 51 zipo makwao. Mchanganyo wa ndani ukifanywa mara 26, mzunguko mmoja wa 52 hupasuka kuwa jozi 26, na jozi hizo si za ovyo: karata ya juu kabisa imebadilishana na ya chini kabisa, ya pili na ya pili kutoka chini, hadi katikati. Pakiti nzima imepinduliwa.

Limebaki jambo la shufwa na witiri, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linakwambia kisichowezekana. Permutesheni yoyote inaweza kutengenezwa kwa kubadilishana vitu viwili viwili. Mzunguko wa sita unaweza kutengenezwa kwa mabadilishano matano, wa watatu kwa mawili, na kwa jumla mzunguko huhitaji pungufu ya moja ya urefu wake. Mchanganyo wetu wa karata kumi basi ni mabadilishano 5 ya mzunguko wa sita na 1 ya mzunguko wa wawili, jumla 6. Mtu mwingine anaweza kuufikia kwa njia ndefu zaidi, kwa mabadilishano 8 au 20. Lakini hataufikia kamwe kwa 7 au kwa 21. Idadi inaweza kubadilika, ushufwa wake haubadiliki. Permutesheni kama hii huitwa ya shufwa, na ile inayohitaji idadi isiyogawanyika kwa mbili huitwa ya witiri. Katika S10 zimegawana sawasawa, 1,814,400 kila upande.

Kwa nini haubadiliki? Tulifanye kosa makusudi, nalo litatuonyesha. Tunapishanisha karata kumi, lakini mara moja mkono wa juu unadondosha karata mbili pamoja, na mkono wa chini unafuata kwa mbili. Badala ya 0, 5, 1, 6, 2, 7, 3, 8, 4, 9 tunapata 0, 5, 1, 2, 6, 7, 3, 8, 4, 9. Karata 2 na 6 zimebadilishana nafasi, basi. Fuata mizunguko upya: 1 huenda 2, 2 huenda 3, 3 huenda 6, 6 huenda 4, 4 huenda 8, 8 huenda 7, 7 huenda 5, 5 huenda 1. Ile mizunguko miwili, wa sita na wa wawili, imeungana kuwa mmoja wa nane: (1 2 3 6 4 8 7 5). Na hivyo ndivyo ilivyo daima. Badilisha vitu viwili vilivyo katika mizunguko tofauti, nayo itaungana kuwa mmoja. Badilisha viwili vilivyo ndani ya mzunguko mmoja, nao utapasuka kuwa miwili, kama uzi wa shanga uliokatwa mahali pawili na kufungwa upya. Hakuna jambo la tatu linaloweza kutokea. Kila badilishano huongeza au kupunguza idadi ya mizunguko kwa moja kamili.

Kwa hiyo hesabu mizunguko, ikiwamo ya mmoja mmoja, toa kwenye idadi ya vitu, na uangalie kama jibu ni shufwa. Mchanganyo sahihi una mizunguko minne: 10 toa 4 ni 6, shufwa. Wenye kosa una mitatu: 10 toa 3 ni 7, witiri. Angalia mtego wa majina: mzunguko wa urefu wa shufwa ni permutesheni ya witiri, kwa kuwa kinachohesabiwa ni pungufu ya moja. Hili huwaangusha wanafunzi wazuri kabisa.

Hapo umepata kipimo cha kukagua mikono yako. Mchanganyo wa nje wa karata kumi ni wa shufwa, na vitendo vya shufwa vikifuatana hutoa shufwa, hata ukirudia mara elfu. Ukitazama karata mezani na kukuta mpangilio wa witiri, kuna mahali ulikosea. Tuseme kosa lile la 2 na 6 lilitokea katika mchanganyo wa kwanza, na mingine mitano ikawa safi. Mwishoni utakuta karata nane zipo nyumbani na mbili tu zimebadilishana: 2 iko nafasi ya 6 na 6 iko nafasi ya 2. Kipimo kina mpaka wake lakini. Ukikosea mara mbili kwa namna ileile, witiri mbili hutoa shufwa, na kipimo kitakaa kimya ingawa karata haziko sawa.

Kwa hoja hiyohiyo unaweza kumjibu mtu anayeahidi kuzipindua karata kumi, ya juu iwe chini na ya chini iwe juu, kwa michanganyo ya nje peke yake. Kupindua ni jozi tano, witiri, na hakuna idadi ya michanganyo ya nje itakayofika huko. Kweli, katika kesi hii ungeweza pia kumwambia kwamba karata 0 haiondoki juu. Lakini hoja ya witiri ina nguvu pale ambapo hakuna karata iliyosimama ya kukuonyesha. Mwaka 1879 Wamarekani William Johnson na William Story waliitumia katika jarida la American Journal of Mathematics kueleza fumbo la vigae 15 vinavyosukumwa ndani ya fremu yenye nafasi moja tupu: vikipangwa vyote sawa isipokuwa 14 na 15 zilizobadilishana, hakuna msukumo utakaovirekebisha huku nafasi tupu ikirudi pale pale. Watu wengi sana walikuwa wakihangaika na fumbo hilo wakati ule.

Kuna swali moja linaloonyesha vizuri kwamba mizunguko inajua zaidi kuliko ushufwa. Je, upo mchanganyo mwingine ambao, ukifanywa mara mbili, unatoa mchanganyo wetu mmoja wa nje? Yaani, una kipeo cha nusu? Kwa karata 52 jibu ni la haraka. Mizunguko sita ya nane inatoa mabadilishano 42, wa wawili unatoa moja, jumla 43, witiri. Kitu chochote kikifanywa mara mbili hutoa shufwa, kwa hiyo haupo. Kwa karata kumi ushufwa unaruhusu, lakini mizunguko inakataa. Mzunguko wa urefu wa shufwa ukifanywa mara mbili hupasuka kuwa vipande viwili vilivyo sawa, kwa hiyo ndani ya permutesheni iliyotokana na kurudia mara mbili, mizunguko ya sita lazima iwe kwa jozi. Sisi tuna mmoja tu wa sita. Haupo.

Punguza karata ziwe nane, na mambo yanageuka. Mchanganyo wa nje wa karata nane ni (1 2 4)(3 6 5), kipindi chake ni 3. Kwa kuwa kuurudia mara nne ni sawa na mara moja, kuufanya mara mbili ni nusu yake halali. Na ipo nusu nyingine tofauti kabisa, inayopatikana kwa kuisuka mizunguko yote miwili kuwa mmoja: (1 3 2 6 4 5). Ruka hatua mbili mbili ndani yake, na utaona 1, 2, 4 kwa upande mmoja na 3, 6, 5 kwa upande wa pili.